Tamko Kuhusu Kutiwa Muhuri Upya kwa Hati za Usimamizi wa Mirathi Zilizotolewa Ng'ambo

Sisi, wanachama wa chama cha kusaidiana cha familia za Pwani ya Kenya zenye jamaa walioko ng'ambo, tunatoa tamko hili kuhusu mali za marehemu zilizobaki hapa nyumbani wakati mahakama ya nchi nyingine imekwisha kumteua msimamizi wa mirathi. Tunalielekeza kwa Mahakama Kuu ya Kenya, kwa Mwanasheria Mkuu, kwa benki na ofisi za usajili wa ardhi, na zaidi kwa familia zenyewe, maana makosa mengi tunayoyasema hapa huanzia nyumbani kabla hayajafika ofisini.

Kinachotufanya tuseme ni majibu mawili ambayo wenzetu hupewa wanaporudi na hati mkononi. La kwanza hutolewa dirishani kwenye benki. Mjane anafika na hati ya usimamizi iliyotolewa na mahakama ya Uingereza, ina nembo na muhuri, naye anaambiwa haina nguvu hapa. Jibu hilo ni la kweli, hata kama linauma. Mamlaka ya msimamizi wa mirathi hukoma kwenye mpaka wa nchi iliyomteua, na karani anayekataa kutoa pesa kwa hati hiyo peke yake anafanya kazi yake. Jibu la pili ndilo linalotukera. Mjane huyo huyo akishatoka nje anaambiwa kwamba hana budi aanze kesi ya mirathi upya, kuanzia barua ya chifu, kana kwamba mahakama ya kule haikufanya lolote. Wengi wamelitii jibu hilo wakapoteza miaka, na kwa baadhi yao halikuwa la kweli.

Kati ya majibu hayo mawili kuna njia ya tatu, nayo imo katika kifungu cha 77 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu hicho kinasema kwamba hati ya usimamizi, au hati ya kuthibitisha wosia, iliyotolewa na mahakama au mamlaka nyingine yenye uwezo huo katika nchi ya Jumuiya ya Madola inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Kenya, nakala yake ikaachwa pale, nayo ikatiwa muhuri wa mahakama hiyo. Ikishatiwa muhuri, hati ile ya kigeni huwa na nguvu hapa Kenya kana kwamba Mahakama Kuu yenyewe iliitoa na kuithibitisha. Tunaomba msomaji ayashike maneno hayo mawili ya mwisho, kuitoa na kuithibitisha, kwa sababu ugomvi wetu na baadhi ya ofisi unasimama juu yake.

Si kila hati ina bahati hiyo. Mlango uko wazi kwa nchi za Jumuiya ya Madola, na nje ya hizo, kwa nchi yoyote ambayo Mwanasheria Mkuu ameitaja kwa tangazo katika Gazeti Rasmi. Basi hati ya Uingereza, Kanada, Australia, India, Tanzania, Uganda au Rwanda inaingia kwa njia hii. Marekani, Ujerumani, Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu si za Jumuiya ya Madola, na mtu asimwamini yeyote anayemwambia kwamba hati ya Maskati au ya Dubai itagongwa muhuri Mombasa mpaka aoneshwe tangazo lenyewe. Asili ya ubaguzi huu ni ya kikoloni. Mwaka 1892 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzitambua hati za mirathi za makoloni yake, na makoloni nayo yakawa na sheria za kuzitambua za Uingereza. Matokeo yake ni kwamba mlango huu unafuata ramani ya dola iliyokwisha kufa, wakati vijana wa Pwani wanafanya kazi Doha, Jeda na Minesota.

Kwa familia ya aliyefariki Ghuba, tunasema wazi ili wasipoteze nauli: ikiwa nchi hiyo haijatangazwa, ni kweli kwamba mtaanza ombi jipya hapa Kenya. Hati ya mahakama ya kule inayowataja warithi haitupwi. Itafsiriwe, iambatishwe, itumike kama ushahidi wa nani ni nani. Lakini haitakuwa hati ya usimamizi.

Sasa tuje kwa wale ambao mlango uko wazi kwao, tueleze jinsi ombi linavyokwenda na linavyokwama.

Anayeomba ni msimamizi mwenyewe aliyetajwa kwenye hati, au mtu aliyempa uwakili kwa maandishi. Uwakili ukitolewa ng'ambo usainiwe mbele ya notari, kisha usajiliwe hapa kabla ya kutumika. Ombi hupelekwa Mahakama Kuu tu. Mahakama ya hakimu haina muhuri huo, wala Mahakama ya Kadhi, hata kama marehemu alikuwa Mwislamu na warithi wote ni Waislamu. Hili la mwisho limewachanganya wanachama wetu wengi, na tutalirudia mbele kwa kuwa lina upande wa pili.

Kikwazo cha kwanza ni nakala. Sheria inakubali hati ya asili, au nakala ya pili iliyotiwa muhuri wa mahakama iliyoitoa, au nakala iliyothibitishwa kuwa sahihi na mahakama hiyo au kwa idhini yake. Fotokopi iliyogongwa muhuri na wakili wa mtaani kule Lesta au Toronto haimo katika hayo matatu, hata akiandika juu yake kwamba ni nakala halisi. Kosa hili ni jepesi kulifanya, kwa sababu ndugu walioko kule wanajua kwamba benki zao hupokea nakala za mawakili, nao hudhani mahakama ya huku itafanya vivyo hivyo. Anayeomba hati Uingereza na anajua kuna mali Kenya aagize mara moja nakala zilizothibitishwa na ofisi ya mirathi yenyewe, zaidi ya moja, kwa sababu moja itabaki mahakamani hapa. Kama kuna wosia, nakala yake iliyothibitishwa kwa njia hiyo hiyo iende pamoja.

Kikwazo cha pili ni majina. Mtu aliyeondoka Kilifi na majina matatu anaweza kufa Uingereza akiwa na mawili. Jina la ukoo limetangulia kwenye pasipoti, la ubatizo limekatwa kwenye hatimiliki, na kwenye akaunti ya hisa limebaki herufi moja na nukta. Hati ya usimamizi itabeba jina la cheti cha kifo cha kule, na karani wa hapa ataona watu wawili. Dawa yake ya bei nafuu hutumika mapema. Wakati wa kuomba hati kule, mwombaji aeleze kwamba marehemu alijulikana pia kwa jina fulani na kwamba ana mali kwa jina hilo, ili majina yote mawili yaandikwe kwenye hati yenyewe. Akichelewa, atabaki kutegemea hati ya kiapo ya majina, na si kila ofisi huridhika nayo.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito, nacho ni makazi ya kudumu ya marehemu. Kifungu cha 77 kinampa jaji uwezo wa kudai ushahidi wa jambo hilo kabla ya kutia muhuri, na kifungu cha 4 kina dhana kwamba marehemu aliyekuwa akiishi Kenya kwa kawaida kabla tu ya kufa alikuwa na makazi yake ya kudumu Kenya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Makazi ya kudumu hapa si anwani ya kupokelea barua. Mtu anaweza kukaa Uingereza miaka ishirini na bado awe wa Kilifi machoni pa sheria, ikiwa nia yake ilikuwa kurudi. Mwingine ambaye amechukua uraia wa kule, amenunua nyumba ya kuishi na kuwalea watoto wake huko, na kila dalili inaonesha kwamba hakuwa na mpango wa kurudi, amehama kweli. Familia zetu huliona swali hili kama la heshima, zikapenda kusema kwamba marehemu moyo wake ulikuwa nyumbani. Wayasemayo matangani yana mahali pake. Kwenye kiapo waseme ukweli wa maisha yalivyokuwa, kwa sababu jibu la swali hili ndilo litakaloamua ni sheria ya nchi gani itakayogawa pesa za benki.

Baada ya ombi kuwasilishwa, kwa kawaida hutolewa tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Mdai naye ana nafasi yake. Ikiwa marehemu aliacha mkopo kwenye sako ya hapa, sako hiyo inaweza kumwomba jaji asitie muhuri mpaka iwekwe dhamana ya kutosha kulipa madeni ya wadai wanaoishi Kenya. Tunaliona hilo kuwa haki. Msimamizi aliyeko ng'ambo akishakusanya na kuondoka, mdai wa Mtwapa hana pa kumshika.

Tuchukue mfano ili jambo lionekane. Tumeubuni, ila kila kipande chake ni cha kawaida. Muuguzi mzaliwa wa Kilifi, asiye Mwislamu, amefariki Lesta bila wosia. Alikaa huko tangu mwaka 2003, akachukua uraia, akanunua nyumba na mkewe kwa umiliki wa pamoja. Ameacha mjane, watoto wawili walio chini ya miaka 18 kule Lesta, na binti wa miaka 26 aliyeko Kilifi, ambaye alimzaa kabla ya ndoa, akamtambua na kumsomesha. Kenya ameacha akiba ya muda maalumu ya shilingi 1,800,000 katika benki, hisa chache kwenye soko la Nairobi, na ploti moja Mtwapa yenye hatimiliki kwa jina lake peke yake.

Mjane anaomba hati ya usimamizi Uingereza. Nyumba ya pamoja inamwangukia yeye moja kwa moja bila kupitia mirathi. Kwa yaliyobaki, sheria ya Uingereza inampa mjane vyombo vya nyumbani na pauni 322,000 za kwanza, kiwango kilichoanza tarehe 26 Julai 2023, kabla watoto hawajagusa chochote. Mali yote ya marehemu, hata ukiongeza akiba ya Kenya, haifiki hapo. Kwa hiyo mahakama ya kule inampa mjane hati akiwa peke yake, naye anaelewa, kwa haki kabisa, kwamba kila kitu ni chake. Anapanda ndege na mteja wa ploti amekwisha kumpata kwa simu.

Hati ikishatiwa muhuri hapa, anaweza kwenda benki. Akiba na hisa ni mali inayohamishika, na kifungu cha 4 kinasema mali hiyo hufuata sheria ya makazi ya kudumu ya marehemu. Akiwa amethibitisha kwamba makazi hayo yalikuwa Uingereza, pesa zinakusanywa, madeni ya hapa yanalipwa, na kinachobaki kinafuata mgao wa Uingereza. Ni chake.

Ploti haifuati njia hiyo. Ardhi na kila mali isiyohamishika iliyoko Kenya hugawanywa kwa sheria ya Kenya, marehemu awe alifia Lesta au Lamu. Kwa kifungu cha 35, mjane mmoja mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na mali inayobaki huwa na haki ya kuitumia kwa uhai wake tu. Mwisho wa haki hiyo mali ni ya watoto kwa mafungu sawa, na binti wa Kilifi ni mmoja wao, kwa sababu sheria yetu humhesabu mtoto ambaye baba alimtambua, hata kama hakuzaliwa ndani ya ndoa. Mjane akitaka kuiuza ploti ili ajikimu, kifungu cha 37 kinamtaka apate idhini, na kwa kuwa ni ardhi, idhini ya mahakama haiepukiki. Zaidi ya hayo, mali inapobaki chini ya amana ya namna hii, sheria yetu haitaki isimamiwe na mtu mmoja. Yeye amekuja na hati ya mtu mmoja.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mjane hakudanganya, mahakama ya Uingereza haikukosea, na muhuri wa Mahakama Kuu ni halali. Lakini muhuri umempa uwezo wa kukusanya na kusimamia, haukumpa ploti. Hati ya usimamizi ya Uingereza haina hata orodha ya warithi. Inamtaja marehemu, inamtaja msimamizi, inataja thamani ya mali ya kule. Jaji wa Mombasa akiisoma mwanzo hadi mwisho hataona popote kwamba kuna binti Kilifi.

Ndiyo maana tunawashauri wanachama wetu wasilipeleke ombi likiwa uchi. Kiapo kinachoandamana na ombi kiwataje warithi wote wanaotambuliwa na sheria ya Kenya, walioko huku na walioko kule, pamoja na umri wao, na kiorodheshe mali ya Kenya kipande kwa kipande. Warithi watu wazima waandike ridhaa zao. Palipo na ardhi, jaji aombwe mapema atamke mafungu na, inapohitajika, msimamizi wa pili aongezwe. Katika mfano wetu, binti wa miaka 26 ndiye wa kufaa. Yuko karibu na ploti, na akiwa ndani ya ombi hatakuwa na sababu ya kulipinga. Baadhi ya mawakili watasema hayo ni zaidi ya kifungu cha 77 kinavyotaka. Ni kweli. Lakini tumeona ombi jembamba likipita kwa haraka, kisha pingamizi likaja wakati mnunuzi amekwisha kulipa arubuni, na hati inayopatikana kwa kuficha jambo la msingi inaweza kubatilishwa.

Kwa familia ya Kiislamu, mgao una msingi mwingine. Kifungu cha 2 kinasema mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na mjane mwenye watoto ana thumuni yake, hazidishiwi na pauni za mtu. Sehemu ya sheria inayohusu usimamizi bado humgusa, na muhuri upya umo katika sehemu hiyo. Hivyo basi kuna ofisi mbili na kazi mbili. Muhuri unatoka Mahakama Kuu. Kadhi anaweza kuulizwa nani ni mrithi na fungu lake ni lipi, ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kumwendea. Mwanachama anayepeleka hati yake ya Uingereza kwa Kadhi ili igongwe muhuri amekosea mlango, na anayedhani kwamba muhuri wa Mahakama Kuu umekwisha kumaliza suala la mafungu amekosea zaidi.

Tunarudi sasa kwenye maneno kuitoa na kuithibitisha. Hati ya usimamizi inayotolewa hapa Kenya kwa kawaida husubiri miezi sita, kisha huthibitishwa, na ndipo msimamizi hupata cheti cha uthibitisho chenye jedwali la nani anapata nini. Benki na ofisi za ardhi zimezoea cheti hicho, na afisa anapoletewa hati ya kigeni yenye muhuri upya huuliza cheti kiko wapi. Wanachama wetu wamerudishwa zaidi ya mara moja kwa swali hilo, na mmoja aliambiwa arudi mahakamani akathibitishe hati ambayo sheria inasema imekwisha kuthibitika.

Msimamo wetu una sehemu mbili, na tunajua kwamba ya pili haitawafurahisha wanachama wote. Kwa pesa za benki, hisa, gawio na mali nyingine inayohamishika, hakuna msingi wa kudai cheti cha ziada. Afisa aangalie muhuri wa Mahakama Kuu, alinganishe majina, amlipe msimamizi kwenye akaunti ya mirathi, na jukumu la kugawa libaki kwa msimamizi. Kwa ardhi, hatuwalaumu wasajili wanaosita. Hati isiyo na jedwali haiwaambii ploti iandikwe kwa jina la nani, na msajili akiibadilisha kwa neno la msimamizi pekee, binti wa Kilifi atalisikia jambo hilo kutoka kwa fundi anayechimba msingi. Tunachodai ni kwamba msajili aandike anachotaka, ni amri ya mahakama kuhusu mafungu, badala ya kumwambia mtu kwa mdomo kwamba hati yake haifai.

Kucheleweshwa kuna gharama yake. Akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka mitano huhesabiwa kuwa imeachwa, na pesa zake hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Hazipotei, ila familia inayotoka kwenye foleni ya benki inaingia foleni nyingine, na kule nako itaulizwa hati.

Kabla ya kulipia lolote, familia ichunguze kama mali yenyewe inahitaji muhuri. Akaunti ya pamoja yenye haki ya aliyebaki hai, pensheni au akiba ya sako iliyoandikiwa mteule, hizo kwa kawaida hazipiti kwa msimamizi. Tumewahi kuona familia ikitafuta hati ya kukusanya pesa ambazo marehemu alikwisha kuzielekeza kwa fomu moja ya mteule iliyokuwa ndani ya faili.

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia ingawa linatuaibisha kama jamii. Simu ya marehemu hubaki nyumbani, namba ya siri inajulikana, na kabla ya arubaini pesa zimetolewa kidogo kidogo hadi kwisha. Wengine huanza kupokea kodi ya nyumba za marehemu. Kifungu cha 45 kinaita hilo kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyechukua hulazimika kuwajibika kwa alichokichukua. Kuwa na hati ya Uingereza hakumkingi mtu. Kabla ya muhuri, msimamizi wa kule ni mgeni kwenye mali ya hapa.

Kwa hayo yote, tunamtaka Mwanasheria Mkuu achapishe mahali pamoja, panapopatikana na kila mtu, orodha ya nchi zote zilizotangazwa chini ya kifungu cha 77, na kama hakuna hata moja, aseme hivyo waziwazi. Tunamtaka pia azifikirie kwa haki nchi za Ghuba na Marekani. Tunajua kuna ugumu wa kweli. Marekani kila jimbo lina mahakama zake za mirathi, na Ghuba hati nyingi hutaja warithi bila kumteua msimamizi. Ugumu huo unaweza kushughulikiwa kwa kutangaza nchi au jimbo moja baada ya jingine, na kwa kutaja ni hati ya aina gani itakayokubaliwa.

Tunaiomba Mahakama Kuu itoe kwa Kiswahili karatasi moja inayoeleza viambatisho vya ombi la muhuri upya, ili karani wa Malindi asidai kitu ambacho karani wa Nairobi hakidai. Karatasi hiyo imtake kila mwombaji awataje warithi wanaotambuliwa na sheria ya Kenya, hata pale hati ya kigeni inapowanyamazia. Wenye benki tunawaomba wawafundishe maafisa wao wa madirishani tofauti kati ya hati ya kigeni tupu, ambayo wana haki ya kuikataa, na hati ya kigeni yenye muhuri wa Mahakama Kuu, ambayo hawana.

Chama kimeiagiza kamati yake ya mirathi ikae kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuzisoma hati za wanachama kabla hazijapelekwa kwa wakili. Mwanachama aje na hati aliyopewa ng'ambo, cheti cha kifo, orodha ya mali ya hapa pamoja na majina kama yalivyoandikwa kwenye kila karatasi, na majina ya watoto wote wa marehemu, wakiwemo wale ambao familia haipendi kuwataja. Hati za asili asiziache kwa mtu yeyote isipokuwa mahakama.

Limetolewa Mombasa kwa niaba ya mkutano mkuu wa wanachama.

Mwenyekiti wa Chama
Katibu wa Chama
Mwenyekiti wa Kamati ya Mirathi